Makosa mia kwenye ripoti moja ya Kiingereza, uanze na lipi?

*"Shikamoo mwalimu. Bosi kanipa ripoti ya kurasa 14 aliyoandika mwenzangu kwa Kiingereza, nisahihishe, kesho inaenda kwa wafadhili. Kurasa mbili za mwanzo tu nimehesabu makosa 31 nikachoka. Nina saa tatu. Hivi yote yana uzito sawa? Nianze na yapi, niache yapi?"*

Marahaba mdogo wangu. Kwanza acha kuhesabu. Hiyo 31 haikwambii kitu, maana humo ndani unakuta ishirini na tano ni mambo ya `a` na `the` na ile `s` ya mwisho ambayo mfadhili atayaruka bila hata kujua kayaruka, halafu moja lililojificha linasema kinyume kabisa cha alichotaka kusema mwenzako. Na hilo moja ndio wewe hujalihesabu, kwa sababu halionekani kama kosa.

Ngoja nikuonyeshe. Hii aya nimeitunga mwenyewe lakini kila kosa humu nimekutana nalo mara nyingi kwenye kazi za watu wetu:

> The project have began on March and all the boreholes did not work at that time. The chairperson gave his book to the accountant because she was travelling. Few households accepted to pay for water, so the committee is very happy. Members must not attend every meeting, they can send a representative. If the pump arrives we shall pay the remaining amount until 30 June.

Mpe hii mtu yeyote aliyesoma Kiingereza vizuri shuleni na kalamu nyekundu mkononi. Atarukia `have began`, atakwambia ni `began`. Atabadilisha `on March` iwe `in March`. Atasema `accepted to pay` sio, ni `agreed to pay`. Pale kwenye `meeting` ataona koma imeunganisha sentensi mbili ataweka semikoloni au nukta. Makosa manne, kasahihisha, aya inang'aa, anaridhika. Na hakuna hata moja kati ya hayo manne ambalo lingemfanya msomaji aelewe vibaya, hata ukiyaacha yote mfadhili ataelewa mradi ulianza mwezi wa tatu na watu wamekubali kulipa.

Sasa tazama alichoacha. `Members must not attend every meeting` maana yake wajumbe WANAKATAZWA kuhudhuria kila kikao. Mwandishi alikuwa na Kiswahili kichwani, "si lazima wajumbe wahudhurie kila kikao", akachukua "lazima" akaifanya `must`, akachukua "si" akaifanya `not`, akaunganisha. Kumbe kwa Kiingereza ukikanusha `must` unapata katazo, sio ruhusa, alitakiwa aandike `do not have to attend`. Kompyuta haitapiga mstari hapo kwa sababu sentensi ni sahihi kabisa kisarufi. Ni sahihi ila inasema uongo.

Hilo ndio kundi la kwanza kwa uzito, na mimi naliweka juu ya mengine yote bila mjadala: sentensi nzuri inayosema kitu kingine. Sentensi mbovu msomaji anaiona ni mbovu, anakisia, au anauliza. Sentensi nzuri yenye maana potofu anaiamini.

Tuendelee na aya yetu. `Few households accepted to pay, so the committee is very happy.` Kiswahili chetu "kaya chache" inabeba maana mbili, inaweza kuwa "chache tu, aibu" au "chache, lakini angalau zipo". Kiingereza kimezigawa, `few` peke yake ni malalamiko, karibu hakuna, na `a few` ni kaya kadhaa zimejitokeza. Hapo `a` moja tu imegeuza habari mbaya kuwa nzuri. Nakuambia hivi kwa sababu watu wengi wakishaambiwa kwamba `a` na `the` ni makosa madogo wanayaacha YOTE, na kweli asilimia kubwa ni madogo, lakini mbele ya `few` na mbele ya `little` kidude hicho kinapanda hadi juu kabisa. Kwahiyo usipange uzito kwa jina la kosa (hili la herufi, hili la wakati, hili la kihusishi), upange kwa kile linachomfanyia msomaji pale lilipo.

Ulijuaje kuna tatizo hapo? Ile `so the committee is very happy`. Kama karibu hakuna kaya iliyokubali kulipa, kamati inafurahia nini? Makosa ya aina hii mara nyingi yanajitaja yenyewe namna hiyo, sentensi inagombana na jirani yake. Ukisoma sentensi moja moja kama mtu anayechambua mchele hutaona, ndio maana nasema mara ya kwanza soma ripoti nzima bila kugusa kitu.

`All the boreholes did not work`. Kwetu "visima vyote havikufanya kazi" ni wazi, hakuna hata kimoja. Kwa Kiingereza hiyo sentensi inasomeka kote kote, msomaji mmoja ataelewa hakuna hata kimoja, mwingine ataelewa sio vyote vilifanya kazi, yaani vingine vilikuwa vizima. Kama ni vyote andika `None of the boreholes worked`, kama ni baadhi andika `Not all of the boreholes worked`. Ila wewe msahihishaji hujui ni ipi! Na hapa ndio watu wanaharibu, wanachagua ile inayosikika vizuri wanaendelea. Kusahihisha ambako kunabadilisha idadi ya visima sio kusahihisha tena, umeandika ripoti yako. Hiyo unaweka komenti pembeni unamuuliza mwenye kazi.

Mwenyekiti na mhasibu nao ni hivyo hivyo. "Mwenyekiti alimpa mhasibu kitabu chake kwa sababu alikuwa anasafiri", kwa Kiswahili nani anasafiri? Tunajua kwa mazingira, tumezoea, "a-" yetu haina mwanaume wala mwanamke. Kwa Kiingereza mwandishi kalazimishwa achague, kaandika `his` halafu `she`, basi mgeni anasoma kwamba mwenyekiti ni mwanaume na aliyesafiri ni mhasibu mwanamke. Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia mwenyekiti ni mama, na hiyo `his` na hiyo `she` zote zinamhusu yeye. Kwenye ripoti ambayo baadaye mkaguzi atauliza kitabu cha hesabu kilikuwa mikononi mwa nani mwezi wa tatu, hilo sio dogo. Uliza.

Halafu ile sentensi ya mwisho ina mawili. "Pampu ikifika tutalipa", hiyo "-ki-" yetu ni `if` na ni `when` pia. Ukiandika `if the pump arrives` mfadhili anaona wasiwasi, kwani haijulikani kama pampu inakuja? Kama imeshaagizwa na ipo njiani ni `when`. Na `until 30 June` imetoka kwenye "mpaka tarehe 30 Juni", ila `pay until` kwa Kiingereza ni kuendelea kulipa hadi siku hiyo halafu mnaacha, wakati yeye alimaanisha siku ya mwisho ya kulipa, `by 30 June`.

Kwahiyo aya ina makosa kumi, manne yanaonekana na hayana madhara, sita hayaonekani na yana madhara. Sio kila ripoti itakuwa na uwiano huo, hii nimeikoleza, lakini sura yake ndio hiyo.

Na habari njema ni kwamba hayo sita yanatafutika. Hayatokei popote popote, yanatokea pale ambapo Kiswahili kina neno moja na Kiingereza kina mawili. Fungua Word, bonyeza Ctrl+F, tafuta haya moja moja:

```
until
if
must not
few
little
all
his
her
she
o'clock
```

Ukiandika `all` itakuletea na `shall` na `small`, weka nafasi kabla na baada ya neno, zile zilizoanza aya au zinazofuatwa na koma au nukta utaziona kwa macho. Kila linapotokea soma sentensi nzima pamoja na ya kabla na ya baada, igeuze kichwani iwe Kiswahili, kisha jiulize kama hicho Kiswahili ndicho mwandishi angekisema. Kurasa 14 haifiki saa nzima.

Hiyo `o'clock` usiicheke. Miaka kadhaa iliyopita nilipitia barua ya mwaliko ya siku ya chanjo, imeandikwa na mtu wa shirika fulani, wageni wawili watatu kutoka nje walikuwa waje kuangalia. Ilisema `The exercise will start at 3 o'clock`. Nilisahihisha koma, nikarekebisha anwani, nikaongeza `the` kama tano hivi, nikajiona nimefanya kazi. Chanjo ilikuwa saa tatu asubuhi, yaani `9 a.m.`, wageni wakafika saa tisa alasiri, kina mama wameshaondoka na watoto wao zamani, wamebaki wafagizi tu. Sentensi haikuwa na kosa hata moja la sarufi. Tangu siku ile saa yoyote ninayoiona kwenye Kiingereza cha mtu wa huku naiuliza, hata kama inaonekana sawa, na tarehe na namba zilizopo kwenye maandishi nalinganisha na za kwenye jedwali.

Kundi la pili ni sentensi inayomsimamisha msomaji. Hapa ndio wataalamu walishatofautisha zamani, Marina Burt na Carol Kiparsky mwaka 1972 waligawa makosa ya wanaojifunza Kiingereza kuwa ya sentensi nzima na ya sehemu moja tu ya sentensi, na mgawanyo huo mpaka leo unafanya kazi vizuri kuliko orodha ndefu za sarufi. La sentensi nzima linavuruga namna vipande vinavyoshikana, nani kafanya nini, kipi ni sababu ya kipi. La sehemu linakaa pale pale lilipo, halisambai. Chukua hii:

> The supervisor which he allowed the driver to go, report was not send to office.

Kuna makosa matatu mepesi hapo, `which` ingekuwa `who`, `send` ingekuwa `sent`, na `the` zimepungua. Sahihisha hayo matatu uone:

> The supervisor who he allowed the driver to go, the report was not sent to the office.

Bado haieleweki! Umefanya kazi tatu na msomaji yuko pale pale. Sasa irudishe ilivyokuwa, acha hayo matatu yote, rekebisha mshikamano peke yake:

> Report of the supervisor which allowed the driver to go was not send to office.

Mbaya hiyo, inaumiza macho, lakini inaeleweka mara moja, ripoti ya msimamizi aliyemruhusu dereva haikutumwa. Hicho ndio kipimo chako ukiwa na wasiwasi kosa ni zito au jepesi: lirekebishe hilo moja tu uyaache mengine, kama sentensi imefunguka lilikuwa zito. Na ukitaka kujua lilitoka wapi, "Msimamizi aliyemruhusu dereva aondoke, ripoti yake haikutumwa ofisini", Kiswahili safi kabisa, tunamtaja mtu kwanza halafu tunasema habari yake. Kwa Kiingereza cha ripoti mtu huyo akitajwa mbele anataka kitenzi chake, asipokipata anabaki ananing'inia.

Kuyapata hayo ya kundi la pili ni rahisi, usitafute makosa, jisikilize. Pale uliporudi nyuma kusoma mara ya pili, weka alama. Usirekebishe hapo hapo, weka alama tu uendelee, kwa sababu mara nyingine aya ya mbele inakufafanulia. Ila angalizo moja, wewe ni Mswahili unayesoma Kiingereza cha Mswahili, nyinyi mnaelewana! Sentensi ya yule msimamizi wewe unaweza kuipita bila kukwama kwa sababu Kiswahili chake unakisikia chini yake. Kama kuna mtu ofisini asiyejua Kiswahili mpe kurasa mbili ngumu azisome, muulize tu wapi amerudi nyuma.

Haya mengine sasa, ya kundi la tatu, `s` ya mwisho, `a` na `the` za kawaida, `discuss about`, `informations`, `equipments`, `has went`. Haya hayaui maana. Uyaache? Inategemea nani anasoma na anasoma kwa nini. Kuna utafiti wa Hughes na Lascaratou wa mwaka 1982, waliwapa sentensi zenye makosa ya wanafunzi wa Kigiriki watu wa makundi matatu, walimu Wagiriki wa Kiingereza, walimu Waingereza, na Waingereza wa kawaida ambao sio walimu. Walimu Wagiriki ndio walikuwa wakali zaidi, wakipima kwa kanuni, sheria fulani imevunjwa. Wale wasio walimu walipima zaidi kwa kama wameelewa. Mimi nikisoma hapo najiona mwenyewe, sisi tuliojifunza Kiingereza kwa fimbo tunachukia `informations` kuliko Mwingereza anavyoichukia. Mfadhili wako yuko zaidi upande wa wale wasio walimu, anatafuta visima vingapi na pesa zimeenda wapi.

Lakini ingekuwa barua ya kuomba kazi au maombi ya skolashipu ningekwambia tofauti, maana hapo msomaji hasomi habari, anampima mwandishi, na `has went` moja kwenye aya ya kwanza inaweza kumtoa mtu. Uzito wa kundi la tatu unapanda na kushuka hivyo. Hayo mawili ya juu hayashuki popote.

Kwa ripoti yako, kundi la tatu lishughulikie kwa marudio. Andika pembeni makosa yanayojirudia, utaona ni matano au sita tu yanazunguka. `Equipments` ikitokea mara 19 hiyo sio makosa 19, ni moja, unaitafuta na kuibadilisha ndani ya dakika moja. Hapo hesabu yako ya 31 itakuwa imeshuka sana. Baada ya hapo safisha sehemu zinazosomwa na kila mtu, muhtasari wa mwanzo, vichwa vya habari, maelezo ya juu ya majedwali, ukurasa wa mapendekezo. Kurasa za katikati zikibaki na `the` zilizopungua hakuna atakayefariki.

Na kuna ambayo usiyaguse kabisa. Kama kaandika `programme` mwanzo mpaka mwisho mwache, hicho ni cha Uingereza, shida ni pale anapochanganya na `program` ukurasa unaofuata. `Shamba`, `boda boda`, mwache, maadamu kaeleza mara ya kwanza. Sentensi zake fupi fupi mwache nazo, ukianza kuzirefusha ili zisikike "kizungu" utamuwekea maneno mdomoni na wakati mwingine utamuongezea makosa ambayo hakuwa nayo. Nimeshaona msahihishaji kachukua `The pump is old. It breaks` akaifanya sentensi ya mistari mitatu, ndani yake kaingiza neno la mashaka, ikasomeka kama pampu huenda inaharibika.

Muda wako ugawe hivi. Dakika 40 soma yote bila kusahihisha, alama tu pale uliporudi nyuma na pale sentensi zinapogombana. Saa moja ya Ctrl+F pamoja na saa, tarehe na namba. Kisha, hii usichelewe, mtumie mwenzako maswali MAPEMA wakati wewe unaendelea, usisubiri umalize maana dedlaini ni kesho na yeye anaweza kuwa safarini. Dakika 40 nyingine zile sentensi zilizokukwamisha. Kinachobaki ndio marudio na muhtasari. Washa Track Changes muda wote ili aone ulichogusa.

Maswali muulize kwa Kiswahili. Hili watu hawalifanyi, wanamwandikia komenti `Please clarify`, naye anarudisha Kiingereza kile kile kimeongezwa maneno. Usimuulize alimaanisha nini, mpe machaguo mawili achague. Kwa ile aya yetu ningetuma hivi WhatsApp:

"Mambo, nipo kwenye ripoti yako. 1) Visima: hakuna hata kimoja kilichofanya kazi mwezi wa 3, au baadhi vilifanya? Vingapi? 2) Aliyesafiri ni mwenyekiti au mhasibu, na kitabu ni cha nani? 3) Kaya zilizokubali kulipa ni ngapi kati ya ngapi? 4) Pampu imeshaagizwa au bado? 5) Tarehe 30 Juni ndio siku ya mwisho ya kulipa salio?"

Lile la `must not` sijamuuliza, maana ile `they can send a representative` imeshanijibu, huwezi kumkataza mtu kuja halafu ukamwambia atume mwakilishi. Na swali la tatu likijibiwa kwa namba, `few` na `a few` zote unazifuta, unaandika idadi.